Kilima cha Katikati: Namna Kontua Zinavyoonyesha Nani Anamwona Nani

Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Jiografia ina swali moja ambalo mtahiniwa hawezi kulikwepa: swali la 6, linalokuja na kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000. Watahiniwa wa Tanzania nao hukutana na ramani ya aina hiyo katika mtihani wa kidato cha nne. Mara nyingi maswali yanayowatoa jasho ni yale yanayohusu sura ya nchi. Kokotoa mteremko kati ya pointi hii na ile. Chora mkato kutoka A hadi B. Kisha linakuja lile fupi lenye maneno machache kuliko yote: je, A na B zinaonana?

Wengi huyasoma maswali hayo kama matatu tofauti, kila moja na kanuni yake ya kukariri. Ukweli ni kwamba ni swali moja lililoulizwa kwa njia tatu. Anayeelewa mteremko kwa hakika anaweza kulijibu la tatu hata kabla hajashika penseli, na anayechora mkato vizuri ameshapata nusu ya majibu yote.

Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mtu akitembea juu yake hapandi wala hashuki. Wazo hili si la kale sana katika upimaji wa milima. Mwaka 1774 mtaalamu wa nyota Nevil Maskelyne alipanda mlima Schiehallion huko Uskochi kupima jinsi uzito wa mlima unavyoivuta timazi kando kidogo, ili hatimaye uzito wa Dunia nzima ukadiriwe. Kwa hesabu hiyo ilibidi umbo la mlima lijulikane. Mwanahisabati Charles Hutton alikabidhiwa rundo la vimo vilivyopimwa, tarakimu zilizotapakaa kwenye karatasi bila kuonyesha umbo lolote. Akaziunganisha kwa mstari zile zilizolingana, na mlima ukajitokeza. Mpaka leo kazi ya kontua ni ileile: kuziunganisha tarakimu mpaka zionyeshe umbo.

Kwenye ramani nyingi za 1:50,000 za Afrika Mashariki, kontua moja hupishana na inayofuata kwa mita 20 za kimo. Kila ya tano huchorwa nene ili jicho lisipotee. Tofauti hiyo ya kimo haibadiliki popote kwenye ramani hiyo; kinachobadilika ni nafasi kati ya mistari. Mistari ikibanana, mita 20 zinapandwa kwa hatua chache, kwa hiyo ni mteremko mkali. Ikiachana, mita hizohizo zinapandwa kwa mwendo mrefu, na mteremko ni wa taratibu. Penye mwamba uliosimama wima, mistari hugusana.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ni ya kugawanya tu. Chukua tofauti ya kimo kati ya pointi mbili, igawanye kwa umbali wa mlalo kati yao, vyote viwe katika mita. Ramani ya 1:50,000 humaanisha kuwa sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 ardhini. Makosa mengi huanzia hapo: mtahiniwa anapima sentimita 2.5 kwa rula, anasahau kuzigeuza kuwa mita 1,250, na kugawanya mita kwa sentimita. Jibu linalotoka lingeufanya mlima wa kawaida kuwa ukuta. Namna ya kulishtukia kosa ni kulitazama jibu lenyewe. Mteremko wa 1:10, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 10, tayari ni mkali kwa barabara ya magari. Ukipata 1:1 kwenye shamba la mahindi, rudi kwenye rula.

Tuchukue mfano na kuufuata mpaka mwisho. Ni ramani ya kutunga, lakini vipimo vyake ni vya aina inayopatikana kila siku katika nchi ya vilima. Shule, pointi A, iko kwenye kontua ya mita 1,640. Zahanati, pointi B, iko kwenye kontua ya mita 1,520. Rula inaonyesha sentimita 12 kati yao, yaani kilomita 6. Katikati kuna bonde lenye mto, kisha kilima kidogo, kisha ardhi inateremka polepole hadi zahanati.

Mteremko wa A hadi B ni rahisi: mita 120 kwa mita 6,000, sawa na 1:50. Jibu hilo ni sahihi, na kama swali linataka mteremko wa wastani, alama zinapatikana. Lakini tazama linavyoficha mambo. Anayetoka shuleni anashuka kwanza mita 100 ndani ya mita 1,250 tu, yaani 1:12.5. Hata katika kipande hicho mteremko si mmoja: pale mistari ilipobanana zaidi ni 1:10, na karibu na bonde, mistari inapoachana, ni 1:17.5. Akivuka mto, anapanda tena. Wastani wa 1:50 haujui habari ya mto wala ya kilima. Ndiyo maana huwezi kuujibu uonano kwa wastani wa safari nzima peke yake. Lazima ujue kilichokaa katikati.

Hiyo ndiyo kazi ya mkato. Kuchora mkato ni kama kuikata nchi kwa kisu kutoka A hadi B na kuutazama ubavu wake.

Kwanza unapiga mstari ulionyooka kwa penseli kati ya A na B. Unalaza ukingo wa kipande cha karatasi kwenye mstari huo, unatia alama A na B, kisha unatia alama ndogo kila mahali kontua inapoukata ukingo, na kuandika kimo chake papo hapo. Usiseme utakumbuka. Katika mfano wetu, alama zinasomeka hivi kutoka A: 1,640 kwenye sifuri, 1,620 kwenye sentimita 0.5, 1,600 kwenye 1.0, 1,580 kwenye 1.4, 1,560 kwenye 1.8 na 1,540 kwenye 2.5. Mto uko kwenye 3.3. Halafu 1,540 inarudi tena kwenye 4.0, 1,560 kwenye 5.2, na 1,580 mara mbili, kwenye 6.8 na 7.2. Baada ya hapo vimo vinashuka: 1,560 kwenye 8.6, 1,540 kwenye 10.1, na 1,520 kwenye 12, hapo zahanati.

Angalia hizo namba zilizojirudia. Panapokuwa na kontua mbili jirani zenye kimo kimoja, ardhi kati yake imepinda, na lazima ujue imepinda kwenda wapi. Kati ya 2.5 na 4.0 kuna mto, kwa hiyo ardhi inazama chini ya 1,540. Lakini haifiki 1,520, kwa sababu ingefika, kontua ya 1,520 ingeonekana. Kati ya 6.8 na 7.2 hakuna mto. Vimo vilikuwa vinapanda kutoka upande mmoja na vinashuka upande wa pili, kwa hiyo ni kilele, kiko juu ya 1,580 na chini ya 1,600. Pakitokea shaka na mto haujachorwa, tazama kontua zinavyojikunja: penye bonde ncha ya mkunjo huelekea juu, kwenye chanzo cha maji, na penye mgongo wa kilima huelekea chini. Mtahiniwa anayeunganisha nukta hizi kwa rula anapata kilima chenye kichwa bapa na mto unaopita kwenye sakafu tambarare. Nchi haiko hivyo, na msahihishaji analijua hilo.

Sasa karatasi ya grafu. Mstari wa chini unabaki na urefu uleule wa ramani, sentimita 12. Kwa wima unahitaji skeli nyingine, na sababu yake inaonekana ukijaribu kutoitumia. Tofauti yetu yote ya kimo ni mita 120. Kwa skeli ya 1:50,000 mita hizo ni milimita 2.4 tu. Bonde, kilima, shule na zahanati vyote vingejibana ndani ya unene huo, wala usingeona kitu. Kwa hiyo tunachagua, tuseme, sentimita 1 kwa mita 20, yaani 1:2,000. Tofauti ya kimo inakuwa sentimita 6, na nchi inaonekana.

Tendo hilo lina gharama yake, na maswali mengi hudai itajwe. Skeli ya wima ni kubwa mara 25 kuliko ya mlalo: 50,000 gawanya kwa 2,000. Huo ndio ukuzaji wa wima. Ule mteremko wa shuleni wa 1:12.5, ambao ardhini una pembe isiyofika nyuzi 5, kwenye mchoro unasimama kwa nyuzi kama 63. Anayesahau hilo huandika kwamba shule iko juu ya jabali, wakati watoto wanapanda hapo kwa miguu kila asubuhi bila kushika jiwe. Kwa hiyo mteremko usisomwe kamwe kwa kupima pembe ya mchoro. Usomwe kwa namba.

Hapo ndipo linapoibuka swali zuri ambalo wanafunzi wachache hulithubutu. Ikiwa mchoro umeivuta nchi kwa wima mara 25, je, unaweza kuaminika kuhusu nani anamwona nani? Unaweza, kabisa. Kuvuta vimo vyote kwa kiasi kilekile hakuugeuzi mstari ulionyooka kuwa mpindo. Mstari wa macho unanyoka ardhini na unanyoka kwenye mchoro, na kilima kilicho juu ya mstari huo kwa skeli moja kinabaki juu yake kwa skeli yoyote. Pembe zinadanganya, lakini kupishana kwa juu na chini hakudanganyi.

Basi weka rula kutoka A hadi B kwenye mkato. Mstari unakata kilima cha katikati. Jibu: hazionani.

Sasa tulithibitishe bila mchoro, kwa mteremko peke yake, maana njia hii ni ya haraka na inafaa hata ukiwa umesimama kando ya barabara na ramani mkononi. Ukingo wa mbali wa kilele, kontua ya 1,580, uko sentimita 7.2 kutoka A, sawa na mita 3,600. Macho yakitoka A kwenda kwenye ukingo huo yanashuka mita 60 kwa mita 3,600, yaani 1:60. Yakielekea B yanatakiwa yashuke kwa 1:50, ambako ni kushuka kwa kasi zaidi. Ili yaione zahanati, ingebidi yapite chini ya kilele. Kwa namba nyingine: yakifika mita 3,600, mstari wa kwenda B umeshuka mita 72 na uko kwenye kimo cha 1,568. Ardhi hapo ina 1,580. Mita 12 za udongo zimesimama njiani.

Umbo la mteremko lenyewe linaweza kulijibu swali kwa kutazama tu, pale ambapo hakuna bonde wala kilima kati ya pointi hizo mbili. Kontua zikibanana juu na kuachana chini, mteremko umebonyea kama ule wa shule yetu, na aliye juu anamwona aliye chini. Zikiachana juu na kubanana chini, mteremko umebinuka, na tumbo lake linamficha aliye chini. Mfano mzuri uko Lushoto, katika Milima ya Usambara. Anayefika ukingoni Irente anaitazama Mazinde na nyika ya Wamaasai kiasi cha mita elfu moja chini yake, kwa sababu kontua zimebanana palepale miguuni pake. Mjini Lushoto kwenyewe, kilomita chache nyuma, nyika hiyo haionekani; mji umekaa bondeni na ukingo wa milima umesimama kati yao. Kupanda hadi Irente hakumwongezei mtu kimo tu. Kunamfikisha mbele ya kizuizi.

Nje ya chumba cha mtihani, swali la kuonana lina watu wanaolilipia fedha. Fundi anayetaka kurusha intaneti kwa antena kutoka shule hadi zahanati anakabiliwa na kilima kilekile. Hawezi kukichimba, kwa hiyo anauliza mlingoti wa zahanati uwe mrefu kiasi gani. Mkato unamjibu. Mstari kutoka A unaogusa ukingo wa 1,580 kwa 1:60 ukiendelea hadi B utakuwa umeshuka mita 100, na kufika kwenye kimo cha 1,540. Zahanati iko 1,520. Mlingoti unatakiwa uwe na mita 20 angalau.

Neno angalau hapo lina uzito, maana ramani haijasema kilele kina kimo gani hasa. Imesema tu kiko kati ya 1,580 na 1,600. Kikiwa karibu kabisa na 1,600, pale kwenye sentimita 7, mstari unaokigusa unashuka mita 40 kwa mita 3,500, na ukifika B uko kwenye 1,571 na kitu. Mlingoti sasa unakaribia mita 51. Kati ya mita 20 na mita 51 kuna tofauti ya bajeti nzima, na tofauti hiyo yote imejificha ndani ya nafasi moja kati ya kontua mbili. Ndiyo maana mchoro wa ramani hauwezi kuwa neno la mwisho kwa fundi. Anaangalia kwanza kama kuna nukta ya kimo iliyoandikwa kileleni. Isipokuwepo, anapanda kupima. Tena mawimbi ya redio hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi: yanataka nafasi ya wazi juu ya kilima, na mlingoti unaogusagusa tu mstari utatoa mawasiliano ya kukatikakatika.

Miti nayo haimo kwenye kontua. Kontua hufuata ardhi, na mikaratusi iliyopandwa kileleni inaongeza urefu wake wote kwenye kizuizi. Ramani inaweza kuonyesha rangi ya kijani ya msitu, lakini haisemi miti ina urefu gani, na ramani nyingi zilizo mikononi mwa watu zilichapishwa miaka mingi iliyopita.

Yapo pia mauvimbe ya Dunia yenyewe. Kwa umbali wa kilomita 6 hayana maana: pale kwenye kilima chetu yanaongeza kizuizi kwa kiasi kisichofika mita 1. Lakini yanakua kwa mraba wa umbali. Wapima ardhi huyakadiria, pamoja na kupinda kwa mwanga hewani, kwa kuzidisha 0.0675 kwa kilomita zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Jibu ni mita. Kutoka Nairobi hadi Kibo ni kama kilomita 205. Ukikokotoa unapata kama mita 2,800. Nairobi iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, kwa hiyo anayetazama mlalo kutoka jijini, macho yake yanaukuta mlima kwenye kimo cha kama mita 4,500. Kibo ina mita 5,895. Ndiyo sababu asubuhi isiyo na mawingu wakazi wa Nairobi huiona theluji ya Kilimanjaro na sehemu ya juu ya mlima ikielea kwenye upeo wa macho, bila kuiona miguu yake.

Msomaji aliye na mtoto wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kumpa zoezi hili ajaribu nalo. Ramani ni ileile, A ni ileile, lakini baada ya zahanati ardhi inapanda tena, na pointi mpya iko sentimita 14 kutoka A, kwenye kontua ya 1,580. Je, shule inaiona? Mteremko ni mita 60 kwa mita 7,000. Juu ya kilele, kwenye mita 3,500, mstari wa macho umeshuka mita 30 na uko kwenye 1,610. Kilele hakifiki 1,600, kwa hiyo ardhi haizuii, na jibu la mtihani ni kwamba zinaonana. Kama kileleni kuna mikaratusi ya mita 20, hiyo mita 10 ya nafasi inaweza kuwa imekwisha. Mwambie mtoto aandike jibu la kwanza kwenye karatasi yake, na fundi wa mlingoti amwambie apande kilimani.